Sauti Yako Mbele, Muziki Nyuma: Video Fupi ya Shela



Mimi ni fundi wa nguo. Nashona mashela na magauni ya harusi huku Makoko, Musoma, kando ya Ziwa Viktoria. Wateja wangu wengi hukutana nami kwenye simu kabla hawajafika kibandani. Wanaona video ya sekunde 40 au 50, wananisikia nikieleza kitambaa na vipimo, ndipo wanapiga. Wengi wenu mnaouza mitandio, mnaopaka hina au mnaopamba kumbi mnafanya hivyo hivyo. Leo nataka tuzungumze jambo moja tu la video hizo, nalo ni muziki wa nyuma: uchukue upi bila kugombana na mwenye mali yake, na uuweke chini kiasi gani ili maneno yako yasizame.

Niwaambie kwanza kwa nini jambo hili nalishika kwa uzito. Kuna bi harusi alikuja kwangu na satini yake tayari, rangi ya maziwa, upana wa inchi 60. Alikuwa ameinunua kwa kufuata video ya fundi mwingine iliyoeleza shela lenye mkia linahitaji mita ngapi. Nikapima, nikapata mita 6. Akaniambia ndivyo video ilivyosema. Tukaifungua pamoja, tukairudia mara 4. Fundi yule alikuwa amesema vizuri kabisa, "mita saba". Lakini pale pale aliposema "saba", wimbo wa nyuma ulifika kwenye kiitikio, mwimbaji akapaza sauti, na neno likafunikwa. Bi harusi alisikia herufi ya kwanza na urefu wa neno, akajaza mwenyewe "sita". Duka alilonunua halikuwa tena na robota lile, na mashoga mnajua satini ya rangi ya maziwa haifanani robota kwa robota. Mikono ya shela tukaishona kwa lesi ili kitambaa kitoshe mkia. Likapendeza, alhamdulillahi, lakini lile silo shela alilokuwa ameliota.

Kwa hiyo mkisikia nasema muziki ushuke, fahamuni nazungumzia mita, bei na tarehe za watu.

Tuanze na muziki wenyewe unatoka wapi. Wimbo wa taarabu, wa bongofleva au kaswida unaoupenda una wenyewe: aliyetunga, aliyeimba, aliyerekodi. Huku bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi yake, COSOTA. Zanzibar kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na COSOZA. Ukiuweka wimbo huo kwenye video inayouza bidhaa yako, umeutumia kibiashara, na mwenyewe ana haki ya kuuliza. Hata kabla hajauliza, mitandao inakagua. YouTube ina mfumo uitwao Content ID unaolinganisha sauti ya video yako na nyimbo zilizosajiliwa, na ukifanana, video inaweza kunyamazishwa, kuzuiwa, au mapato yake kwenda kwa mwenye wimbo. Yale maneno ya mtaani kwamba ukitumia sekunde 7 au 10 tu hakuna shida, hayana msingi. Sheria haikuweka sekunde za bure, na mfumo unatambua kipande kifupi pia.

Ndiyo maana watu hutafuta muziki usio na mirabaha. Neno hili huwachanganya wengi. Mirabaha ni malipo anayopata mwenye kazi kila kazi yake inapotumika. Muziki usio na mirabaha una mwenyewe vilevile, ila ametoa leseni inayokuruhusu kuutumia bila kumlipa kila mara. Mwingine unalipiwa mara moja tu, mwingine hutolewa bure. Na leseni ina masharti, kama vile mteja anayekukodi shela ana masharti: asilipunguze, alirudishe Jumatatu.

Masharti ya kwanza ya kuangalia ni wapi leseni inafika. Akaunti ya biashara ya TikTok inakupa nyimbo za mahali paitwapo Commercial Music Library. Hizo zimeruhusiwa kwa biashara, lakini ndani ya TikTok. Ukiipakua video ile ile ukaipeleka YouTube, ruhusa haikufuati. Ule mkusanyiko wa Meta uitwao Sound Collection nao ni wa Facebook na Instagram. Mimi video yangu moja inazunguka kote, mpaka kwenye stetasi za WhatsApp za shangazi zangu, kwa hiyo nachagua muziki ambao leseni yake haijafungwa kwenye mtandao mmoja.

Hapo zinakuja leseni za Creative Commons, ambazo utaziona zimeandikwa kwa herufi. CC BY maana yake tumia, hata kwa biashara, ila mtaje mtunzi. Ukiona NC, usiuchukue, kwani unakataza matumizi ya biashara, na video ya shela lenye bei ni biashara. Ukiona ND, uache pia. Hiyo hukataza kuibadilisha kazi, na kwa leseni hizi kuuoanisha muziki na picha za video kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha, hata kama hujakata noti moja. Hili la ND ndilo linalowapita wengi, kwa sababu wanadhani kubadilisha ni kuongeza ngoma au kuharakisha mdundo tu.

Mfano wa mtunzi anayetoa kazi zake kwa CC BY 4.0 ni Mmarekani Kevin MacLeod, kwenye tovuti yake ya incompetech.com. Mle kila kipande kinaelezwa hisia zake, ala zake na urefu wake, na hilo linasaidia sana kuchagua. YouTube nayo ina Audio Library ndani ya YouTube Studio, na humo pia kuna vipande vya CC BY. Ukishachagua, andika chini ya video mstari kama huu, ukijaza jina la kipande:

```
Muziki: (jina la kipande), Kevin MacLeod, incompetech.com
Leseni: CC BY 4.0, creativecommons.org/licenses/by/4.0
Nimeukata na kuupunguza sauti.
```

Mstari wa tatu usiuone mzaha, leseni yenyewe inataka useme kama umebadilisha kitu. Siku hiyo hiyo piga picha ya skrini ya ukurasa unaoonyesha jina la kipande, mtunzi na leseni, uihifadhi. Hutokea mtu mwingine akakisajili kipande cha bure kana kwamba ni chake, na video yako ikadaiwa. Picha ile ndiyo utakayoijibia.

Sasa tuje kwenye kuchagua kwa sikio. Kitu cha kwanza ni kwamba muziki wa chini ya maneno usiwe na maneno. Sikio la mtu haliwezi kufuata wasemaji 2 kwa wakati mmoja, na muziki wenye kuimba ni msemaji wa pili, hata ukiwa chini. Hapa ndipo kaswida inaponitoka pia. Ni nzuri kuisikiliza, lakini chini ya mtu anayetaja bei inagombana naye. Na kisomo cha Qur'ani kisiwekwe chini ya maneno ya kuuza kabisa. Surat al-A'raf, aya ya 204, inatutaka kinaposomwa tusikilize na tunyamaze, na mwenye kusema juu yake anafanya kinyume.

Kitu cha pili ni ala inayoongoza. Fidla, filimbi na udi vikipiga wimbo wenye kupanda na kushuka, vinaimba mahali pale pale inapokaa sauti ya mwanamke. Hata ukivishusha, vinaendelea kulivuta sikio. Tafuta kipande ambacho hakina wimbo mkubwa wa kukumbukwa: gitaa linalokwangua taratibu, kinanda chenye noti chache, au mdundo wa mkono tu. Sikiliza kipande chote mpaka mwisho kabla ya kukichukua, kwa sababu vingi huanza kwa upole halafu sekunde ya 30 vikalipuka. Kile kinachokaa kimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho ndicho rafiki wa msemaji.

Najua pia wako kati yenu wasiotaka ala za muziki kwenye video zao, na wengine wanakubali dufu peke yake. Dufu linafaa sana kwa kazi hii, kwani pigo lake ni fupi na baada yake kuna nafasi tupu ya neno kupita. Mkilirekodi wenyewe harusini, ombeni ruhusa ya wapigaji, kwani hata mpigaji ana haki yake, ndiyo hiyo hakishiriki ya kwenye jina la sheria. Asiyetaka dufu wala ala, arekodi kazi yake: mkasi ukipita kwenye satini, cherehani ikienda polepole, mawimbi ya ufukweni asubuhi. Sauti hizo ni mali yako, hazina leseni ya mtu, na kanuni ya kuzishusha ni ile ile ya muziki.

Kabla hatujagusa sauti ya muziki, tuangalie sauti yako. Wengi hushusha na kupandisha muziki siku nzima, kumbe tatizo ni sauti iliyorekodiwa kwa mbali. Simu ikiwa kwenye stendi sentimeta 120 kutoka mdomoni, inachukua sauti yako ndogo, pamoja na bodaboda, upepo wa ziwa na mwangwi wa ukuta wa bati. Ukiizidisha sauti hiyo baadaye kwenye programu, umezidisha na bodaboda. Lakini ukisogea, kila umbali unapopungua kwa nusu sauti yako inaongezeka karibu desibeli 6 na kelele inabaki ilipokuwa. Toka sentimeta 120 hadi 60, halafu hadi 30, umepata karibu desibeli 12 bila kulipia chochote. Chumbani hupati zote, kwa sababu kuta nazo zinarudisha sauti, lakini tofauti utaisikia waziwazi.

Mimi kwa hiyo narekodi mara 2. Kwanza picha: shela, mkia, mkono wangu ukionyesha upana. Halafu maneno peke yake, nikiwa nimejibanza kati ya magauni yaliyotundikwa na marobota ya vitambaa. Kitambaa kinene kinameza mwangwi, na hapo sisi mafundi tuna bahati. Simu naishika kama shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isipige kwenye kipaza sauti chake. Muziki hauwezi kuficha kelele ya rekodi. Ukiuongeza ili ufiche bodaboda, msikilizaji ana vitu 2 vya kupigana navyo badala ya kimoja.

Sasa namba. Shirika la W3C, linalotoa kanuni za tovuti, liliweka katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kipimo cha sauti za nyuma kwa ajili ya watu wenye usikivu hafifu: ziwe chini ya maneno kwa angalau desibeli 20, ambayo kwa sikio ni kama ukimya wa mara 4. Watu wengi wanaotengeneza video huridhika na 15. Mimi nafuata ile 20, kwa sababu wanaolipia mashela mara nyingi ni kina mama na mashangazi, na masikio ya umri ule yanahitaji nafasi zaidi.

Kwenye programu za simu kama CapCut au InShot utaona kitelezi cha sauti, na 100 ndiyo sauti kama ilivyokuja. Pale namba inapokuwa asilimia ya ukubwa wa wimbi, kushuka toka 100 hadi 50 ni desibeli 6 tu. Ndiyo maana mtu anaweka 50 akidhani amepunguza nusu, kumbe sikio linaona umeshuka kidogo. Ili ushuke desibeli 20 unafika 10. Hiyo 10 huwashangaza watu, wanaona kama umeuzima muziki. Haujazimika. Umekaa mahali pake.

Lakini 10 hiyo ni ya kuanzia tu, kwa sababu kitelezi kinapima muziki dhidi ya muziki wenyewe, hakijui sauti yako ina ukubwa gani. Muziki uliotoka studio huja umejazwa mpaka juu. Tuseme sauti yako iliyorekodiwa kwa mbali iko chini ya muziki huo kwa desibeli 10. Ukiuweka muziki kwenye 50, umeshuka 6 na bado umekuzidi. Ukiuweka kwenye 10, umeshuka 20, lakini pengo kati yenu ni 10 tu. Kupata 20 kamili utahitaji kitelezi kwenye 3, na hapo jumla ya video inakuwa hafifu mpaka mtazamaji anaongeza simu yake yote. Mwenye sauti ya karibu, iliyo sawa na muziki, anaweka 10 na kazi imekwisha. Ndiyo faida ya kujibanza kwenye magauni.

Niwape video yangu moja kama ilivyokaa. Ina sekunde 45, inaeleza mita za shela lenye mkia. Sekunde 2 za mwanzo sisemi, mkia unafunguka sakafuni, muziki uko kwenye 40. Kabla tu sijafungua mdomo, naukata muziki kwa kitufe cha Split, kipande kinachofuata nakiweka 10, na mwisho wa kile cha kwanza na mwanzo wa cha pili nalainisha kwa Fade ya nusu sekunde ili sikio lisishtuke. Toka sekunde ya 2 hadi ya 41 naongea, muziki haupandi hata ninapovuta pumzi. Ukipanda kila kituo unakuwa kama mtu anayekatiza mazungumzo. Kwenye sekunde ya 23 nasema "mita saba, siyo sita, kwa kitambaa cha inchi 60". Hapo nimeukata tena muziki na kuuweka 5 kwa sekunde 3. Hakuna anayegundua kwamba umeshuka, lakini namba inasikika. Sekunde 4 za mwisho nimenyamaza, shela linazunguka, muziki unarudi 40 na kuisha kwa Fade ya sekunde 2. Na "mita 7" nimeiandika pia kwenye picha.

Sasa unajuaje kwamba imekaa sawa? Wewe mwenyewe huwezi kujijaribu, kwa sababu maneno unayajua, na akili inakujazia hata yaliyozama. Fanya hivi. Kwanza, punguza sauti ya simu mpaka karibu inazimika. Kitu cha mwisho kupotea kiwe maneno yako. Kama mdundo unabaki wakati maneno yamekwisha kutoweka, muziki ni mkubwa. Pili, sikiliza kwa spika ya simu, halafu kwa hedifoni. Spika ndogo ya simu haitoi besi vizuri, kwa hiyo muziki mzito unaonekana mpole hapo, kisha kwenye hedifoni unakufunika. Tatu, mpe simu mtu ambaye hajasikia maandishi yako, ikiwezekana mtu mzima, akiwa mahali penye kelele za kawaida. Mimi humpa shangazi yangu barazani, bodaboda zikipita. Namwambia aandike namba zote atakazosikia: mita, upana, bei, siku za kushona. Asirudie video. Akikosea hata moja, simwambii "sikiliza vizuri, shangazi". Narudi kwenye kitelezi, nashusha 2 au 3, au narudia kurekodi sentensi ile nikiwa karibu zaidi.

Mara ya mwisho aliandika "saba", akaongeza chini yake kwa mkono wake: "Huu muziki wako mbona sikuusikia?" Aliusikia. Nilipomuuliza kama video ilikuwa kimya, akasema hapana, ilikuwa na kitu kizuri, hakijui. Muziki wa chini ya maneno nautaka ukae hivyo hasa.